Mpango wa biashara wa duka la ushonaji: anza na bei ya saa moja ya cherehani

Mafundi wengi wa nguo wakisikia "mpango wa biashara" hufikiria karatasi 20 za kupeleka benki. Kwa duka la fundi mmoja pale Mikindani, ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Ukurasa huo unafaa kujibu swali moja kwanza: kila saa unayokaa kwenye cherehani lazima ikubakishie shilingi ngapi?

Tunaanza na saa kwa sababu ndiyo bidhaa yako halisi. Muuza duka akipata wateja zaidi huongeza mzigo. Wewe ukipata wateja zaidi, siku bado ni ileile na mikono ni miwili.

Tuchukue mfano wa fundi mwenye cherehani moja na chumba cha kukodi. Bei zote hapa ni za mfano, kwa hivyo weka zako unapoandika.

Hatua ya 1: Andika gharama za mwezi

Hizi ni pesa zinazotoka hata kama hakuna mteja aliyeingia. Kodi ya chumba 5,000. Stima 1,200. Nauli ya kwenda mjini Mtaa wa Biashara kutafuta vitambaa na uzi, pamoja na simu, 1,300. Mafuta, sindano na matengenezo ya mashine 600. Leseni ya kaunti hulipwa mara moja kwa mwaka, lakini igawe kwa 12. Hapa tuseme ni 400 kwa mwezi. Jumla ni 8,500.

Sasa weka mshahara wako. Mafundi wengi huruka hapa, wakisema "kinachobaki ndicho changu". Matokeo yake pesa ya unga na pesa ya kodi hutoka mfuko mmoja, na tarehe 5 ikifika mwenye nyumba anabisha hodi na hakuna kitu. Fundi wetu amejiandikia 15,000. Basi mwezi unahitaji shilingi 23,500.

Hatua ya 2: Hesabu saa za kushona kweli

Kufungua duka saa 2 asubuhi na kufunga saa 12 jioni hakumaanishi umeshona saa 10. Kuna kupima wateja, kupiga pasi, kwenda mjini, na stima kupotea. Jipime wiki moja kwa kuandika muda ulioshona. Fundi wetu amepata saa 6 kwa siku. Kwa siku 25, hizo ni saa 150 kwa mwezi.

Gawa 23,500 kwa 150. Jibu ni karibu shilingi 157. Andika namba hiyo kwa wino mzito, maana ndiyo itakayopima kila kazi.

Hatua ya 3: Pima kila kazi

Chukua bei unayotoza, toa vifaa, kisha gawa kwa saa.

Gauni ambalo mteja amekuja na kitambaa chake: unatoza 800, uzi, zipu na bitana ni 150, zinabaki 650. Linachukua saa 4, yaani karibu 162 kwa saa. Limepita, lakini kwa kubanana.

Shati la shule: bei 600, kitambaa, uzi na vifungo 360, zinabaki 240. Linachukua saa moja na nusu, yaani 160 kwa saa. Limepita.

Kubadilisha zipu: bei 130, zipu na uzi 40, zinabaki 90 kwa nusu saa. Hiyo ni 180 kwa saa. Kazi ndogo ambayo wengine huidharau ndiyo inayolipa vizuri zaidi, ila huwezi kuamua ni wangapi watakuja nayo.

Sasa mteja analeta picha kwenye simu: gauni la mikunjo na mkono wa puto, na anataka kwa bei ileile ya 800. Litachukua saa 6. Zile 650 gawa kwa 6, unapata 108. Utashona kutwa nzima huku ukipungukiwa. Bei yake halali ni 157 mara 6, ongeza vifaa vya 150: karibu 1,100. Ukiwa na hesabu hii huhitaji kubishana. Unamweleza tu kwamba mtindo huu unakula saa mbili zaidi.

Hatua ya 4: Weka sheria ya arubuni

Kikundi kinataka mashati 20 ya sare, jumla 12,000, na wanataka kutanguliza nusu. Unafurahi, 6,000 zimeingia kwenye simu. Lakini kitambaa na vifaa vya mashati 20 ni 360 mara 20, yaani 7,200. Tayari umewakopesha 1,200, na wakichelewa kuchukua, pesa yako imelala kwenye rafu.

Kwa hivyo mpango uandike: kazi yoyote ambayo kitambaa ni cha duka, arubuni isipungue gharama ya vifaa. Hapa ni asilimia 60. Na mpaka ukabidhi kazi, arubuni si mapato. Ukiila leo, kesho utanunua kitambaa cha huyu kwa arubuni ya yule, na hapo ndipo ahadi za "njoo Ijumaa" huanza.

Angalia na saa pia: mashati 20 ni saa 30, yaani siku 5 kamili bila kugusa kazi nyingine. Toa tarehe ukijua hilo.

Hatua ya 5: Chora kalenda

Saa 150 hazijai kila mwezi. Januari shule zinafunguliwa na sare zinatakiwa. Kabla ya Idi watu wanataka nguo mpya, na kumbuka Idi husogea mapema kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hivyo usinakili kalenda ya mwaka jana. Desemba kuna harusi na sikukuu. Katikati kuna miezi baridi.

Mwezi wenye kazi ya saa 110 tu, kwa 160 kila saa, huleta 17,600. Umepungukiwa 5,900. Mpango uonyeshe pesa hiyo itatoka wapi: ziada ya mwezi uliojaa iliyowekwa kando, au mshahara wako upungue mwezi huo.

Ukitaka kukopa

Tuseme unataka mashine ya ovaloki na marejesho ni 3,000 kwa mwezi. Mahitaji yanapanda hadi 26,500, na kila saa sasa lazima ibakishe 177. Gauni lako la 162 limefeli. Lakini kama ovaloki itapunguza gauni kutoka saa 4 hadi 3 na nusu, litaleta karibu 186, na mkopo utajilipa. Hiyo ni sharti muda uliookolewa upate kazi ya kuujaza. Kama hata sasa unakaa bila kazi, mashine ya kasi haitakuletea wateja.

Namba utazipata wapi?

Tenga laini au tili ya biashara na laini yako ya nyumbani. Kila mwisho wa mwezi fungua taarifa ya miamala uone kilichoingia na kutoka. Taarifa hiyo haionyeshi pesa taslimu, wala haijui kama 500 fulani ilikuwa arubuni au malipo ya mwisho. Hayo andika daftarini siku ileile: jina la kazi, saa, vifaa, arubuni, baki. Baada ya miezi 3, rudia hatua ya 2 na ya 3 kwa namba zako mwenyewe, halafu ubadilishe bei zilizofeli.