Ngozi ikibabuka shingoni na mikononi, tazama na sahani: Ijue pelagra

Tunduma na vijiji vya Mbozi, Momba na Ileje mkoani Songwe, chakula ni ugali. Mahindi si adui. Tatizo huanza pale ugali unapobaki karibu peke yake sahani kwa wiki nyingi, asubuhi uji wa mahindi, mchana na jioni ugali kwa mboga kidogo za majani. Hapo mwili unaweza kukosa niasini, yaani vitamini B3, na kuugua pelagra.

Niasini imo ndani ya mahindi, lakini sehemu kubwa imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua. Mwili unaweza pia kujitengenezea niasini kutokana na triptofani, kiini cha protini, nayo mahindi yanayo kidogo. Ndiyo maana kuhama kutoka sembe kwenda dona, ingawa ni jambo jema, peke yake hakutoshi.

Majirani zetu wa Malawi walishuhudia haya mwaka 1990. Wakimbizi kutoka Msumbiji waliishi kwa mgawo wa mahindi, na karanga ndizo zilizokuwa zikiwapa niasini. Karanga zilipokatika, watu zaidi ya 17,000 waliugua pelagra ndani ya miezi michache.

Itambue hivi

Chukua mfano wa mama anayelima shambani kutwa. Kwanza anahisi ngozi inamwasha na kuuma kama iliyoungua na jua. Baadaye inakuwa nyeusi, ngumu, inapasuka na kubabuka. Mzazi mwenzangu, hapa kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, madoa yako pande zote mbili: mkono wa kulia na wa kushoto, mguu na mguu. La pili, yako palipopigwa na jua na mpaka wake unaonekana wazi, kama glavu mikononi au mkufu shingoni. Ngozi iliyofunikwa na nguo huwa salama. Fangasi kwa kawaida hawajipangi hivyo, na pumu ya ngozi hupenda zaidi mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti.

Kisha mwambie atoe ulimi. Ulimi wa pelagra huwa mwekundu, laini na unauma, hasa akila chakula cha moto au chenye pilipili. Tumbo nalo husumbua: kukosa hamu ya kula, kichefuchefu na kuharisha. Baadaye hukosa usingizi, husahau, hukasirika ovyo au huchanganyikiwa. Dalili hizi si lazima zije zote pamoja. Akishachanganyikiwa, asisubiri, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu pelagra isiyotibiwa huua.

Ukifika kituoni, mweleze mganga mambo matatu: mgonjwa amekula nini miezi miwili iliyopita, anakunywa pombe kiasi gani, na anatumia dawa zipi. Mnywaji wa kila siku mara nyingi hula kidogo, na pombe huzuia mwili kutumia niasini. Dawa ya isoniazidi, inayotibu kifua kikuu na pia kuwakinga nacho wanaoishi na VVU, nayo huweza kuleta pelagra. Vitamini B6 inayotolewa pamoja nayo hulinda mishipa ya fahamu, lakini haichukui nafasi ya niasini. Usiache dawa mwenyewe. Rudi kliniki uonyeshe ngozi.

Tiba yake

Dawa ni nikotinamaidi, aina ya niasini isiyoleta joto na wekundu usoni. Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani linaelekeza miligramu 300 kwa siku, zikigawanywa, kwa mfano 100 mara tatu, kwa wiki tatu hadi nne. Dozi ya mtoto hupangwa na mganga. Huongezwa pia vidonge vya vitamini B mchanganyiko, kwa kuwa anayekosa niasini mara nyingi amekosa na nyingine. Vidonge hivyo pekee mara nyingi havitoshi kutibu, maana niasini iliyomo ni kidogo.

Mara nyingi hakuna kipimo cha damu cha kusubiri: majibu ya dawa ndiyo kipimo. Ulimi na kuharisha huanza kutulia ndani ya siku chache, ngozi huchukua wiki kadhaa. Siku chache zikipita bila nafuu yoyote, mganga atafute ugonjwa mwingine. Wakati huo ngozi ifunikwe isipigwe na jua.

Dawa ikiisha na sahani ikabaki vilevile, pelagra hurudi. Konzi moja ya karanga, kama gramu 30, humpa mtu mzima karibu robo ya niasini ya siku. Zitwange uzitie kwenye mboga za majani au uji wa watoto, ongeza maharage, na dagaa, samaki, yai au nyama kila unapomudu.