Je, wajua MID haisomi, inahesabu tu?

Namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA nchini Tanzania ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, tano zinazofuata ni msimbo wa posta wa eneo alikoandikishwa mtu, tano nyingine ni namba ya mfuatano, na mbili hufunga. Karani mwenye orodha ya wanachama elfu moja, anayetaka kujua waliandikishwa wapi, hana haja ya kumuuliza yeyote: jibu limo katikati ya namba. Katika Excel analitoa kwa fomula ya MID, ambayo huhitaji kuambiwa mambo matatu tu, yaani seli ipi, ianzie herufi ya ngapi, na ichukue herufi ngapi. Tuchukue namba ya kubuni, 19990230-14110-00001-20, ambayo haiwezi kuwa ya mtu kwa kuwa Februari haina tarehe 30. Ikiwa imeandikwa hivyo, na vistari vyake, msimbo wa posta unaanzia nafasi ya 10, na `=MID(A2,10,5)` inatoa 14110. Misimbo inayoanza na 14 ni ya Kinondoni, basi kazi imekwisha.

Haijaisha. MID haijui posta wala Kinondoni. Inachojua ni kuhesabu, na kistari kwake ni herufi kama nyingine. Mwenzake karani akiingiza namba ileile bila vistari, fomula ileile itaruka tarakimu ya kwanza ya msimbo, itakomba sifuri ya sehemu inayofuata, na kuleta 41100. Tazama ubaya wake: jibu lina tarakimu tano, halina alama yoyote ya kosa, na misimbo inayoanza na 41 ipo kweli, ila ni ya Dodoma. Mkazi wa Kinondoni amehamishwa mkoa bila yeyote kushtuka. Ndiyo maana nasema hatari ya MID haiko katika kushindwa, iko katika kufaulu pasipostahili. Fomula inayokwama huonekana. Hii hujibu chochote ilichokikuta mahali ilipoelekezwa, kwa hiyo wa kuhakikisha kwamba kila seli ina umbo moja ni mtu, kabla ya kukata.

Uhakika huo hupatikana kwa LEN, inayohesabu herufi zote za seli, pamoja na ISTEXT, inayokubali maandishi tu. Kwanza SUBSTITUTE huondoa vistari, kisha urefu hupimwa, na hapo ndipo MID inaporuhusiwa kukata, safari hii kuanzia nafasi ya 9:

```
=IF(AND(ISTEXT(A2),LEN(SUBSTITUTE(A2,"-",""))=20),
 MID(SUBSTITUTE(A2,"-",""),9,5),"KAGUA")
```

Kipimo hiki kinanasa pia ugonjwa mbaya zaidi. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Ukiandika zote 20 mfululizo katika seli ya kawaida, tano za mwisho zinageuzwa sifuri, na MID inapewa maandishi 1.99902301411E+19 ikate humo. Seli yenyewe ni namba, si maandishi, basi ISTEXT inaikataa na utaona KAGUA. Kubadili umbo la seli baada ya hapo hakurudishi kilichopotea. Safu hupangwa kuwa Text kabla ya kuandika, la sivyo namba iandikwe upya kutoka kwenye kitambulisho.

Wapo watakaosema haya yote ni usumbufu, kwa kuwa Flash Fill huonyeshwa mfano mmoja au miwili ikajaza safu nzima. Kwa orodha ya siku moja, sibishani nao. Lakini Flash Fill hukisia kanuni bila kuionyesha, na ilichojaza hubaki vilevile hata namba ya awali ikisahihishwa. Fomula ina kanuni iliyo wazi, na mtu mwingine anaweza kuisoma na kuipinga. Wengine hulalamika kwamba MID huleta maandishi, si namba, hivyo SUM huyapuuza. Ni kweli, na hapa ni heri: namba ya mfuatano 00001 ikigeuzwa namba hubaki 1, na sifuri zake nne hupotea. VALUE itumike pale tu unapotaka kufanya hesabu.

Hata LEN ina mpaka wake, kwani hupima urefu, haipimi ukweli. Ile 30 Februari yetu imepita bila pingamizi, na ukiikata vipande na kuvikabidhi kwa DATE, yaani mwaka 1999, mwezi 2, siku 30, Excel haitakataa: itasogeza siku mbili zilizozidi na kuandika 2 Machi 1999. Dalili ni mwezi. Linganisha MONTH ya tarehe iliyopatikana na VALUE ya ile 02 uliyoikata kwenye namba. Zikitofautiana, tatizo limo ndani ya namba yenyewe.