Ukijua Nane Nane, Umeijua Kalenda Nzima

Tarehe 9 Desemba 2061 uhuru wa Tanganyika utatimiza miaka 100, na siku hiyo itakuwa Ijumaa. Kalenda za ukutani hazifiki huko, lakini hesabu ya kulijua hilo ni fupi kiasi kwamba mtu anaweza kuimaliza kichwani akiwa amesimama kituoni anangoja daladala. Mwanahisabati Mwingereza John Conway, aliyefariki mwaka 2020, ndiye aliyeipa umbo lake la sasa katika miaka ya 1970. Alianzia kwenye njia iliyochapishwa mwaka 1887 na Lewis Carroll, yule yule aliyeandika Elisi katika Nchi ya Ajabu.

Conway aligundua kwamba ndani ya kila mwaka kuna tarehe kadhaa, rahisi kukumbuka, ambazo zote huangukia siku moja ya juma. Kwa bahati njema, sisi tunazihesabu tarehe kwa namba za miezi, kwa hiyo kwetu zinatamkika zenyewe: tarehe nne mwezi wa nne, sita mwezi wa sita, nane mwezi wa nane, kumi mwezi wa kumi, kumi na mbili mwezi wa kumi na mbili. Nane Nane ya wakulima wa Tanzania na Jamhuri ya Wakenya zimo humo, na ndiyo maana kila mwaka sikukuu hizo mbili huwa siku moja ya juma. Nane Nane ikiwa Jumamosi, Jamhuri nayo ni Jumamosi.

Sababu yake unaweza kuihakikisha kwa vidole. Kutoka tarehe 4 Aprili hadi tarehe 6 Juni ni siku 63, yaani majuma tisa kamili. Kutoka 6 Juni hadi 8 Agosti ni 63 tena, na hivyo hivyo hadi Oktoba na hadi Desemba. Majuma kamili yakipita, siku hairuki.

Miezi ya witiri ina tarehe zake, nazo huja kwa jozi zinazogeuzana: 9 mwezi wa tano na 5 mwezi wa tisa, kisha 7 mwezi wa kumi na moja na 11 mwezi wa saba. Machi shika tarehe 7. Februari shika siku yake ya mwisho, iwe 28 au 29. Januari nitairudia, kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi.

Kwa hiyo swali lote linabaki moja tu: Nane Nane ya mwaka huo ni siku gani? Hapa majina ya siku zetu yanafanya kazi kubwa, kwa kuwa yamebeba namba ndani yake. Jumamosi ni 1, Jumapili ni 2, Jumatatu 3, Jumanne 4, Jumatano 5. Ongeza tu kwamba Alhamisi ni 6 na Ijumaa ni 7. Wengi wanaotumia lugha nyingine hulazimika kukariri namba hizo. Sisi tunazo tayari.

Sasa chukua tarakimu mbili za mwisho za mwaka, ongeza robo yake ukiacha masalio, kisha ongeza 4. Toa saba saba mpaka ibaki namba iliyo chini ya 7. Namba hiyo ndiyo siku ya Nane Nane. Ikibaki sufuri, ni Ijumaa.

Hakuna uchawi katika hatua hizo. Mwaka wa kawaida una siku 365, ambazo ni majuma 52 na siku moja ya ziada, kwa hiyo kila mwaka Nane Nane inasogea mbele siku moja. Kila baada ya miaka minne huja mwaka mrefu, nao unaisogeza kwa siku moja zaidi, na robo ndiyo inayohesabu hiyo nyongeza. Ile 4 ni mahali pa kuanzia tu: Nane Nane ya mwaka 2000 ilikuwa Jumanne.

Tuurudie mwaka 2061. Tarakimu za mwisho ni 61. Robo ya 61, bila masalio, ni 15. Jumla ni 76, na ukiongeza 4 unapata 80. Toa 77, ambayo ni saba mara kumi na moja, inabaki 3. Basi Nane Nane ya 2061 ni Jumatatu, na tarehe 12 Desemba ni Jumatatu pia. Uhuru ni tarehe 9, siku tatu nyuma: Jumapili, Jumamosi, Ijumaa.

Mtu akitaka Muungano wa mwaka huo huo, haihitajiki hesabu mpya. Tarehe 4 Aprili ni Jumatatu. Ongeza majuma matatu, tarehe 25 ni Jumatatu. Kwa hiyo 26 Aprili ni Jumanne. Krismasi nayo ni rahisi kila mwaka: 12 Desemba na 26 Desemba ni siku moja ya juma, basi Krismasi ni siku inayotangulia hiyo.

Makosa huingia mahali pawili. La kwanza ni kukadiria robo kwenda juu. Robo ya 27 ni 6, wala si 7, kwa sababu mwaka mrefu wa 2028 bado haujafika. La pili ni Januari. Siku ya ziada ya mwaka mrefu huongezwa mwishoni mwa Februari, baada ya Januari kwisha, kwa hiyo tarehe ya kushika Januari ni 3 katika mwaka wa kawaida na 4 katika mwaka mrefu. Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari, ni mfano mzuri. Kwa 2028 hesabu ni 28, 7 na 4, jumla 39. Toa 35, inabaki 4, Jumanne. Mwaka ni mrefu, basi tarehe 4 Januari ni Jumanne, tarehe 11 ni Jumanne, na Mapinduzi ni Jumatano. Aliyeshika tarehe 3 angesema Alhamisi, na angekosa kwa siku moja.

Kwa miaka ya 1900 badilisha ile 4 iwe 5, na mambo mengine yabaki yalivyo. Jaribu 1961: 61, 15 na 5 ni 81, toa 77, inabaki 4, Jumanne. Rudi siku tatu kutoka 12 Desemba, nawe umefika Jumamosi, siku ambayo Tanganyika ilipata uhuru.

Idi na Maulidi haziingii katika hesabu hii. Zinafuata mwezi mwandamo, ambao mwaka wake ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja hivi, na mara nyingi uamuzi wa mwisho hungoja mwezi uonekane. Pasaka nayo hubadilisha tarehe, ingawa siku yake ya juma haina swali.

Kwa Wakenya hesabu hii ina faida ya moja kwa moja, kwa kuwa sheria yao inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu inayofuata ni mapumziko. Mwaka 2027 hesabu inatoa 27, 6 na 4, jumla 37, inabaki 2. Jamhuri itakuwa Jumapili, vivyo hivyo 26 Desemba. Anayepanga safari ya kwenda nyumbani ahesabu mapema Jumatatu mbili za mapumziko, tarehe 13 na tarehe 27.