Kumsahihisha Anayezungumza

Mwanafunzi wa darasa la tatu katika vilima vya Mbinga amesimama mbele ya wenzake anasimulia jinsi shamba la ngoro linavyoandaliwa. Nyumbani huzungumza Kimatengo. Kiswahili amekikuta hasa shuleni. Anasema: "Baba alifyeka nyasi, akayapanga miraba miraba. Mama akachimba mashimo mingi, udongo akafunikia nyasi. Halafu tukapanda maharage."

Kazi ameieleza sawasawa. Nyasi hupangwa kwa miraba kwenye mteremko, udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika, na mbegu hupandwa juu ya matuta yanayobaki yakizunguka mashimo. Kasoro ni mbili, zote za upatanisho: "akayapanga" badala ya "akazipanga", na "mingi" badala ya "mengi". Hakuna msikilizaji aliyepotea kwa sababu yake.

Mwalimu anaweza kumkatiza palepale: "Siyo mingi, sema mengi!" Faida ya njia hii ni kwamba mtoto anajua hasa alipokosea. Hasara yake ni kwamba uzi wa masimulizi unakatika, na darasa linajifunza kuwinda makosa badala ya kusikiliza. Dalili ya madhara huonekana upesi: sentensi za mtoto zinafupika, au anabaki kwenye maneno aliyokariri. Ukatizaji una mahali pake katika zoezi la upatanisho lenyewe, ambapo kila mtu anajua kwamba umbo ndilo linalopimwa. Katika masimulizi, ningeuacha mpaka maana ipotee. Kama mtoto angesema "tutapanda" ilhali maharage yameshaota, mwalimu angeuliza tu, "Mmeshapanda, au bado?" Hilo ni swali la msikilizaji wa kweli, nalo humrudisha msemaji kwenye wakati sahihi bila kumwaibisha.

Walimu wapole hupenda njia nyingine, ya kurudia kauli ikiwa imenyooshwa: "Ahaa, mama akachimba mashimo mengi." Mtoto anaitikia, "Ndiyo, mwalimu," kisha anaendelea na mashimo yake mingi. Amedhani mwalimu anakubaliana naye kuhusu shamba. Roy Lyster na Leila Ranta waliliona jambo hili katika madarasa ya msingi ya watoto waliokuwa wakijifunza Kifaransa huko Montreal, Kanada. Katika utafiti wao wa 1997, urudiaji wa aina hii ulikuwa 55% ya masahihisho yote ya walimu, lakini wanafunzi walirekebisha kauli zao baada ya 18% tu ya marudio hayo. Mwalimu alipowachokoza wamalizie wenyewe, marekebisho yalifika 46%. Hesabu hiyo ilipima kilichofuata papo hapo, haikupima kilichobaki kichwani baadaye. Hata hivyo inatosha kutuonya kwamba sahihisho laweza kuwa laini hadi lisisikike.

Dawa yake ni kulifupisha. Usirudie sentensi nzima, chukua kipande chenye kosa, kikazie sauti, kisha nyamaza kidogo: "Mashimo mengi?" Na kama mtoto ameshafundishwa upatanisho huo, mwachie nafasi aukamilishe: "Mama akachimba mashimo…" Huenda "mingi" imetoka kwenye "miti mingi" anayoisema kila siku, na "mengi" anaijua kwenye "maharage mengi". Akipewa muda ataifikia mwenyewe. Asipoifikia, mpe jibu waziwazi na aendelee. Kumngoja kwa kitu asichokijua kunamtesa. Tena, wenzake wasiruhusiwe kumrukia na jibu kwa kelele, maana aibu nyingi hutoka kwao kuliko kwa mwalimu.

Kwa masimulizi marefu, bora kuahirisha. Mwalimu akae na daftari, aandike kauli zenyewe bila majina. Tuseme somo hilohilo linafanyika Mbamba Bay, na watoto kadhaa wanasimulia uvuvi wa usipa. Mmoja anasema "mitumbwi mbili", mwingine "mikeka tatu". Kosa hilo la wengi ndilo la kuchukua, mengine yasubiri. Masimulizi yakiisha, siku hiyohiyo, aandike ubaoni kauli nne, mbili sahihi na mbili zenye kosa, wanafunzi wawiliwawili wazichambue. Kauli sahihi ziwepo ili ubao usiwe orodha ya aibu. Akingoja mpaka wiki ijayo, waliosema watakuwa wamesahau walichotaka kusema, na zoezi litakuwa la sarufi tupu.

Kusema "mitumbwi miwili" mbele ya ubao si ushahidi wa kutosha. Wape wasimulie jambo jingine siku chache baadaye, usikilize kama "miwili" inakuja bila kuitwa. Isipokuja, fundisha kipengele hicho upya kabla ya kumsahihisha mtu yeyote tena.