Barua Inayotangulia Kibali

Katika zahanati za kambi ya Kakuma, kule Turkana, si ajabu kukuta watu wawili wakishika zamu moja huku wakilipwa kwa mizani mbili. Mmoja ni Mkenya. Ana mkataba, ana likizo yenye malipo, na karatasi yake ya mshahara inaonyesha makato ya NSSF na ya bima ya afya. Mwenzake ni mkimbizi. Anapima presha, anafunga vidonda, anamweleza daktari maneno ya mama aliyetoka Uvira, na mwisho wa mwezi anapokea kile ambacho kila mtu kambini anakiita insentivu.

Insentivu ni posho. Mashirika yanayohudumia kambi hukubaliana viwango vyake kwa pamoja, na viwango hivyo huwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mkenya mwenye kazi kama hiyo. Walimu wengi wa shule za kambini wanalipwa hivyo, na wakalimani, na wahamasishaji wa afya, na walinzi. Sababu inayotolewa ni ya kisheria. Mgeni hawezi kuajiriwa Kenya bila kibali cha kazi, na kumwajiri asiye na kibali ni kosa. Basi kazi ikahesabiwa kuwa ya kujitolea, malipo yakahesabiwa kuwa ya kumtia mtu moyo, na suala la kibali likawekwa kando. Penye dharura, mpango wa namna hiyo unaeleweka. Lakini Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na waliozaliwa pale katika miaka hiyo ya mwanzo leo wana watoto wao shuleni.

Watu wengi, wakiwemo waajiri wazuri kabisa, wanaamini kwamba sheria ya Kenya inamkataza mkimbizi kuajiriwa. Sivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu hadhi ya wakimbizi, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1966, una kifungu cha 17 kinachohusu kazi ya mshahara. Kinaitaka nchi impe mkimbizi anayeishi humo kihalali nafasi ya kuajiriwa sawa na ile ya mgeni anayetendewa vizuri zaidi. Tena kinaongeza jambo ambalo ni nadra kulisikia likitajwa: vizuizi vinavyowekwa ili kulinda ajira za wenyeji visimguse mkimbizi aliyekwisha kukaa nchini miaka 3, wala yule mwenye mke, mume au mtoto aliye raia.

Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2006 haikufika huko. Katika ajira ilimweka mkimbizi chini ya vizuizi vilevile vya wageni wengine, kana kwamba mtu aliyevuka mpaka usiku na mtoto mgongoni ni sawa na meneja aliyehamishwa na kampuni yake. Sheria mpya ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, imesema wazi zaidi. Kifungu chake cha 28 kinampa kila mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kuajiriwa, kufanya biashara, au kufanya kazi ya taaluma yake iwapo vyeti vyake vimekubaliwa na mamlaka husika za Kenya.

Na kibali chenyewe kipo. Kanuni za uhamiaji za 2012 zimeweka vibali vya madaraja mbalimbali, na daraja M ni la wakimbizi na wenzi wao wa ndoa. Mgeni wa kawaida anayekuja kuajiriwa huomba daraja D, ambalo hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi kwa mwaka. Daraja M ni bure. Kwa nini basi wenye kibali hiki ni wachache kiasi hiki?

Tuchukue mfano wa muuguzi kutoka Kivu Kusini. Tuseme alisoma chuo cha ufundi wa tiba, akapata diploma ile ambayo Wakongo huiita A1, akafanya kazi hospitalini miaka kadhaa, kisha vita vikamfikisha Kakuma. Hospitali moja binafsi inamhitaji, kwa sababu ni mzoefu na anazungumza lugha za wagonjwa wake. Safari yake ya kupata kibali inakwenda hivi.

Kwanza ni lazima awe mkimbizi aliyetambuliwa, na hapa ndipo wengi wanapokwama kabla hawajaanza. Anayefika Kenya kuomba hifadhi hupewa pasi ya mwomba hifadhi. Pasi hiyo inamlinda asirudishwe alikokimbia, lakini haimpi haki ya kazi, maana kifungu cha 28 kinamtaja mkimbizi aliyetambuliwa peke yake. Raia wa Sudan Kusini wamekuwa wakitambuliwa kwa kundi, kutokana na hali ya nchi yao. Mkongo au Mrundi hupitia usaili wa mmoja mmoja: anaeleza kilichomkimbiza, maelezo yake yanachunguzwa, kisha anasubiri. Foleni hiyo inaweza kumla mtu miaka. Miaka yote hiyo mtu ana mikono, ana ujuzi, ana watoto wa kulisha, na kisheria hawezi kuajiriwa. Kwa maoni yangu hili ndilo tundu kubwa kuliko yote katika sheria ya 2021. Mwenye kosa la kuchelewa ni dola, anayelipia ni mwombaji.

Tuseme muuguzi wetu amekwisha kutambuliwa na ana kitambulisho cha mkimbizi. Sasa zinakuja diploma zake. Ziko kwa Kifaransa, hivyo zinahitaji tafsiri rasmi. Zinahitaji kulinganishwa na sifa za Kenya, kazi ambayo iko chini ya mamlaka ya kitaifa ya sifa za elimu, KNQA. Na kwa kuwa uuguzi una baraza lake, baraza hilo nalo lazima limsajili kabla hajamgusa mgonjwa kama muuguzi. Usajili wa aina hii kwa kawaida hutaka chuo alichosoma kithibitishe kwamba kilimfundisha. Kwa mtu aliyekuja kwa ndege hilo ni suala la barua pepe. Kwa aliyekimbia, huenda chuo kimefungwa, au waliokishika mji sasa ndio waliomfukuza. Ndiyo maana zahanati za kambini zina wauguzi wanaotambulishwa kama wasaidizi au wakalimani. Ujuzi wao unatumika kila siku, ila hautambuliwi wala haulipiwi.

Ifuatayo ni barua ya mwajiri. Ombi la daraja M huambatana na barua inayotaja kazi anayopewa mkimbizi huyu. Hakuna kibali cha jumla ambacho mtu anakitia mfukoni kisha anatembea nacho kutafuta kazi. Hapa ndipo mambo yanapofungana. Mwajiri anasema: lete kibali nikuajiri. Idara ya uhamiaji inasema: lete barua ya mwajiri tukupe kibali. Muuguzi anabaki katikati, na nafasi inampita mtu mwingine ambaye anaweza kuanza Jumatatu. Waajiri wengi hawana nia mbaya. Wanaogopa faini, na hakuna aliyewaeleza kwamba kumwandikia mtu barua ya kumpa kazi itakayoanza kibali kikitoka si sawa na kumwajiri bila kibali.

Akiipata barua, bado anahitaji barua ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi inayothibitisha hadhi yake. Kisha ombi linapelekwa kwa mtandao kupitia eCitizen, pamoja na nakala ya kitambulisho na picha. Uamuzi unatolewa Nairobi, zaidi ya kilomita 700 kutoka Kakuma. Iwapo kuna karatasi ya kufuatilia kwa miguu, mkimbizi hawezi tu kupanda basi. Anapaswa kuomba hati ya kutoka kambini, aeleze anakwenda wapi na kwa nini, na arudi kabla muda wake haujaisha. Asipokuwa nayo, kizuizi cha polisi barabarani kinaweza kuwa mwisho wa safari. Haki ya kufanya kazi bila uhuru wa kwenda kazini hupungua sana thamani.

Na kibali kikitoka, bado kuna namba ya PIN ya KRA na akaunti ya benki ya kupitishia mshahara. Mifumo mingi ya kompyuta imejengwa kwa kitambulisho cha raia, na karani anayekutana na kadi ya mkimbizi kwa mara ya kwanza huona usalama zaidi katika kukataa kuliko katika kuuliza. Sheria ya 2021 inataka wakimbizi wawezeshwe kupata hati hizi katika ngazi zote mbili za serikali. Agizo hilo bado halijafika kwenye kila dirisha.

Kuna mlango mwingine ambao sheria hiyo imeufungua. Mkimbizi anayetoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kuamua, kwa hiari yake, kuacha hadhi ya ukimbizi ili afaidi haki za soko la pamoja. Burundi, Sudan Kusini, Kongo na Somalia zote ni wanachama. Kwa baadhi ya watu, hasa walioanza biashara miaka mingi iliyopita, huenda njia hii ikafaa. Ila yeyote anayeifikiria aelewe anachokiacha. Raia wa Jumuiya anahitaji pasipoti ya nchi yake, na kuiomba ni kurudi mikononi mwa serikali aliyoikimbia. Zaidi ya hapo, anapoacha hadhi ya ukimbizi anaacha pia kinga ya kutorudishwa. Asitie saini kabla ya kuzungumza na wakili, na yapo mashirika yanayotoa ushauri huo bila malipo.

Machi 2025 Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza Kakuma na Dadaab kutoka kambi za misaada kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule, hospitali na masoko yaleyale. Wenyeji wa Turkana na Garissa wana haki ya kuuliza kama ajira zao ziko salama, kwa sababu nao wamekosa kazi muda mrefu. Lakini tuangalie ni kitu gani hasa kinachomwumiza kijana wa Lodwar mwenye cheti cha ualimu. Hawezi kushindana na mwalimu wa insentivu, kwa sababu hakuna Mkenya anayeweza kuajiriwa kihalali kwa malipo yale. Mkimbizi mwenye kibali, mkataba na makato kama ya wengine hamshushii mwenzake mshahara. Anayeushusha ni yule anayelazimishwa kufanya kazi nje ya sheria.

Kwa hiyo neno langu ni kwa waajiri: mwenye hospitali, mwenye shule, mwenye karakana. Ukimpata mkimbizi anayeifaa kazi yako, kagua kitambulisho chake uone kwamba ni cha mkimbizi aliyetambuliwa na muda wake haujaisha. Kisha mwandikie barua. Taja kazi, mshahara na muda wa mkataba, na useme wazi kwamba ataanza siku kibali cha daraja M kitakapotoka. Kibali hicho hakina ada, na bila barua yako hakiwezi hata kuombwa.