Kutaja Jina Hakutoshi

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kupima uchovu wa kazi kwa wauguzi wa Dar es Salaam hachelewi kukutana na dodoso la Christina Maslach na Susan Jackson, lililochapishwa mwaka 1981. Lina vipengele 22, na kila kimoja hujibiwa kwa alama kuanzia 0 (haijatokea kamwe) hadi 6 (kila siku). Wengi hulitafsiri, hutaja majina ya waandishi katika sura ya tatu, kisha huliambatisha zima mwishoni mwa tasnifu. Hapo ndipo penye kosa. Kumtaja mwandishi kunaeleza chombo kimetoka wapi. Hakukupi haki ya kukinakili. Dodoso hili linauzwa na kampuni ya Mind Garden, na barua yake ya ruhusa humkubalia mtafiti kuonyesha vipengele vitatu tu vya mfano katika tasnifu. Kutafsiri nako kunahitaji idhini yake.

Kwa hiyo barua ya kuomba ruhusa iseme wazi kitakachobadilishwa, maana idhini ya kutumia si idhini ya kurekebisha. Tuseme mwanafunzi anaona dodoso ni refu, akataka kuondoa vipengele vitano vinavyopima jinsi mhudumu anavyowageuza wagonjwa kuwa vitu tu. Hata akiruhusiwa, amefuta kipimo kimoja kati ya vitatu, na hawezi tena kulinganisha matokeo yake na ya waliotumia dodoso zima. Sura ya mbinu inapaswa kueleza kilichotolewa na sababu yake, nani alitafsiri, na nani mwingine aliyeirudisha tafsiri kwenye Kiingereza ili tofauti zionekane. Uthabiti nao upimwe upya kwa data za wauguzi wake. Kunukuu alfa ya Kronbaki iliyopatikana Marekani, kama wengi wafanyavyo, hakusemi lolote kuhusu tafsiri ambayo Wamarekani hao hawakuijibu.

Kuna watakaosema kwamba dodoso limejaa mtandaoni, tena ndani ya tasnifu za wenzao. Ni kweli, lakini aliyelibandika huko huenda hakuwa na haki, na wewe huwezi kurithi ruhusa ambayo yeye hakuwa nayo. Wengine watalalamika, na kwa haki zaidi, kwamba ada ni mzigo kwa anayejisomesha, au kwamba mwenye dodoso hajibu barua. Kimya si ridhaa. Mwanafunzi atume tena, atunze barua zote, na muda ukimwishia abadili chombo kabla ya kukusanya data. Kwa uchovu wa kazi lipo dodoso la Kopenhageni la mwaka 2005, lenye vipengele 19, ambalo waandishi wake waliliacha litumike bure. Hilo bado linadai kutajwa, na msimamizi akiona linapima uchovu wenyewe tu, bila ule ubaridi kwa wagonjwa, swali la utafiti litalazimika kuandikwa upya.