Shika hisa kulingana na mtikisiko wa soko, si mhemko wako

Tuseme umeamua nusu ya pesa zako zikae kwenye hisa na nusu nyingine kwenye akaunti tulivu ya riba. Poa. Sasa nikuulize: hiyo nusu ya Januari ni sawa na nusu ya Machi? Kwa shilingi, ndiyo. Kwa hatari, zii. Kuna mwezi hisa zinapanda na kushuka kidogo tu, na kuna mwezi zinarukaruka kama matatu kwenye barabara ya mashimo. Wewe umeshikilia nusu ileile, lakini safari si ileile.

Wasee wa fedha wana njia ya kushughulikia hili. Badala ya kuchagua kiasi cha hisa na kuvumilia mtikisiko wowote unaokuja, unachagua mtikisiko unaoweza kuuvumilia, halafu kiasi cha hisa ndicho kinachobadilika. Soko likitulia, unashika nyingi. Likichafuka, unapunguza.

Tuchukue lengo la asilimia 10 kwa mwaka. Maana yake, kwa makadirio, katika miaka miwili kati ya mitatu matokeo yako yatakaa ndani ya pointi 10 juu au chini ya wastani wake. Huo mwaka wa tatu unaweza kutoka nje ya hapo, kwa hivyo usidhani asilimia 10 ndiyo hasara kubwa zaidi unayoweza kupata.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua mabadiliko ya bei ya kila siku kwa siku 20 za mwisho za biashara, kwa asilimia. Tafuta ukubwa wa kawaida wa mruko wa siku moja, kisha zidisha mara 16. Kwa nini 16 na si 252, idadi ya siku za biashara kwa mwaka? Kwa sababu siku za kupanda na za kushuka hufutana, kwa hivyo mtikisiko hukua kwa kipeuo cha pili cha siku, na kipeuo cha pili cha 252 ni karibu 16. Kama mabadiliko yako kwenye Excel yako safu ya B, unaandika hivi:

```
=STDEV(B2:B21)*SQRT(252)
```

Kisha gawanya lengo lako kwa jibu hilo. Soko likiruka asilimia 1 kwa siku, mtikisiko wa mwaka ni 16. Kumi gawanya kwa 16 ni karibu 0.63, kwa hivyo kati ya Sh100,000 unaweka Sh63,000 kwenye hisa. Likiruka asilimia 2, unaweka nusu ya hizo. Na likiruka nusu asilimia tu, hesabu itakwambia uweke Sh125,000, yaani ukope. Hapo ndipo unajiwekea kikomo: asilimia 100 basi, hakuna mkopo.

Kinachofanya njia hii ifanye kazi ni tabia moja ya masoko. Kesho soko litapanda au litashuka? Hakuna anayejua. Lakini litaruka kwa ukubwa gani? Hilo linakisika, kwa sababu siku za fujo hufuatana, na siku za utulivu pia hufuatana.

Sasa tuipime kwa kisa cha kweli. Chukua S&P 500, lile kapu la kampuni kubwa 500 za Amerika, mwaka wa 2020 korona ilipobisha hodi. Una Sh100,000, lengo ni asilimia 10, na unarekebisha kila Ijumaa jioni. Tuache kando ada, riba na kubadilisha dola, ili tuone njia yenyewe.

Ijumaa ya Februari 21, mtikisiko wa siku 20 ulikuwa karibu asilimia 14. Hesabu inasema weka kama asilimia 72. Wiki iliyofuata kapu lilianguka zaidi ya asilimia 11, na wewe ukapoteza kama Sh8,300. Iliuma, na hapa kuna udhaifu wa kwanza: njia hii hutazama nyuma. Pigo la kwanza linakukuta umeshika nyingi, kwa sababu jana kulikuwa kumetulia.

Lakini sasa hesabu imeamka. Februari 28 mtikisiko ulikuwa umefika kama 25, na fungu la hisa likashuka hadi kama asilimia 40. Machi 6, asilimia 28. Machi 13, asilimia 14 pekee. Kwa hivyo Jumatatu ya Machi 16, kapu lilipoporomoka karibu asilimia 12 kwa siku moja, wewe ulipoteza chini ya asilimia 2.

Kufikia Ijumaa ya Machi 20, mwenzako aliyeacha Sh100,000 zote kwenye kapu alikuwa na kama Sh69,000. Wewe ulikuwa na karibu Sh87,800. Kama hizo pesa ni karo ya muhula ujao, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utarudi darasani.

Usishangilie bado. Wiki iliyofuata kapu liliruka juu kwa zaidi ya asilimia 10. Wewe ulikuwa na asilimia 12 tu ya pesa zako ndani, kwa hivyo ulipata kama asilimia 1. Soko linapopona huruka kwa nguvu vilevile, na hesabu haijui kutofautisha mruko wa furaha na wa kilio. Mnamo Agosti 18 kapu hilo lilifunga kwenye kiwango cha juu kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Yule mwenzako, kama hakuuza kwa hofu mwezi Machi, alikuwa amerudishiwa kila kitu.

Kwa hivyo elewa unachonunua hapa. Si faida kubwa zaidi. Unanunua safari ambayo ukubwa wa mashimo yake unakaribia ule uliouchagua mwenyewe. Inamfaa mtu ambaye pesa zake zina tarehe, au anayejijua kwamba akiona thuluthi ya akiba imeyeyuka atauza zote saa nane usiku. Mwenye miaka 20 ya kungoja na roho ngumu huenda asihitaji haya yote.

Ukitaka kuijaribu hapa Nairobi, angalia mambo mawili. La kwanza ni ada. Kila ukinunua au kuuza, wakala anakata chake, na kurekebisha kila wiki kunaweza kukula taratibu bila wewe kujua. Dawa yake ni kujiwekea sheria: usiguse chochote mpaka fungu jipya litofautiane na la sasa kwa zaidi ya pointi 10.

La pili ndilo la hatari zaidi. Kuna hisa kwenye soko letu ambazo hupitisha siku nzima bila mtu kununua wala kuuza. Bei inabaki palepale, Excel inasoma sufuri, na hesabu inakwambia hisa hiyo ni tulivu kabisa, ongeza. Huo si utulivu. Hakuna mnunuzi, na siku utakapotaka kutoka utauza kwa bei ya kulia. Kabla ya kuamini jibu lako, rudi kwenye zile siku 20 uhesabu ngapi zina mabadiliko ya sufuri. Zikiwa zaidi ya nne au tano, hiyo hisa haifai kwa mchezo huu, hata kama namba yake inapendeza.